Barua Yenye Saa na Dakika

Ukilalamika kwamba intaneti ni mbovu, utaambiwa uzime ruta na kuiwasha tena. Tuseme steshenari ya Kariakoo inalipia "hadi" megabiti 20 kwa sekunde. Neno hilo "hadi" ndilo kichaka cha kampuni: kipimo kimoja cha 6 hakithibitishi kitu, lakini 6 kila jioni kwa wiki mbili, huku asubuhi ikifika 19, huashiria msongamano kwao. Pima kwa waya, vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Vipimo vya Wi-Fi watavikataa. Mtandao ukikatika, andika saa ulipokatika na uliporudi, na kama ukurasa wa ruta bado ulifunguka. Ukifunguka, hitilafu huenda iko nje ya duka. Ambatanisha jedwali, taja punguzo unalodai. Wakinyamaza, peleka nakala TCRA.