Ng'ombe wa Tatu Yuko Chini ya Ardhi

Fundi alianza na chupa ya plastiki. Wiki tatu kabla, alikuwa ameitia kinyesi cha ng'ombe kilichokorogwa na maji, akaivisha puto mdomoni, akaikaza kwa mpira na kuiweka mahali penye joto. Siku tulipokusanyika kwenye ua wa mwenyeji wetu, mteremkoni mwa Mlima Meru, puto lilikuwa limejaa na kusimama.

"Nani amelipuliza?" aliuliza. Watu wakacheka.

Waliolipuliza ni vijidudu. Wamo tumboni mwa ng'ombe, na hutoka na kinyesi wakiwa hai. Wakiwekwa penye unyevu na joto, pasipo hewa, huendelea kula mabaki ya majani na kutoa methani, gesi inayowaka, pamoja na kaboni dayoksaidi, ambayo haiwaki. "Kwa hiyo mtambo ni tumbo," fundi alisema. "Hapa pana ng'ombe wawili zizini, na wa tatu yuko chini ya ardhi. Huyo naye halali njaa."

Wa tatu huyo ni kuba la matofali na saruji lenye ujazo wa meta 6 za ujazo, limefukiwa pembeni mwa zizi. Kila asubuhi hulishwa kilo 25 za kinyesi na lita 25 za maji. Vyote hukorogwa kwenye karo ndogo mpaka viwe kama uji mwepesi. Majani marefu, mchanga na mawe hutolewa kwa mkono. Mkojo wa ng'ombe unaweza kushika nafasi ya sehemu ya maji, jambo la kufurahisha kwa anayechota mbali. Kizibo kikichomolewa, uji unateremka kubani.

Wengi tulidhani kuna pampu. Hakuna. Gesi hupanda juu ya kuba, na kwa kuwa haina pa kutokea, hulisukuma tope kwenda kwenye chumba cha upande wa pili, kilichojengwa juu zaidi. Mama akifungua jiko, uzito wa tope lile hulirudisha chini, nalo huisukuma gesi kwenye bomba hadi jikoni. Tope linalozidi humwagika lenyewe shimoni, likiwa limepoteza sehemu kubwa ya harufu yake, na kutoka hapo huenda migombani.

Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya kinyesi kibichi hutoa takriban lita 40 za gesi. Kilo 25 basi ni lita 1,000 kwa siku, na jiko la sahani moja likiwashwa sana hutumia kama lita 400 kwa saa. Hiyo ni saa mbili na nusu za moto: chai ya asubuhi, ugali na mboga. Ng'ombe wakichungwa mbali, kinyesi kinabaki malishoni na hesabu yote inavunjika. Ndiyo maana mtambo unamfaa anayefugia bandani.

Mlo wa kwanza ndio mzito. Kuba hili lilianza na tani mbili za kinyesi na maji kiasi hichohicho. Ng'ombe wawili wangehitaji siku 80 kuzifikisha, kwa hiyo mwenyeji aliomba kwa majirani. Gesi ya mwanzoni ilikataa kuwaka, kwa kuwa ilikuwa na kaboni dayoksaidi nyingi. Ikaachwa itoke nje, mbali na moto, mara kadhaa. Kiberiti hujaribiwa kwenye jiko tu, kamwe si kwenye bomba la kubani.

Moto mzuri ni wa buluu. Ukicheza na kukohoa, maji yametuama bombani. Hufunguliwa koki iliyo sehemu ya chini kabisa ili yatoke. Ukisikia harufu ya yai viza, paka povu la sabuni kwenye maungio: penye tundu patatoa mapovu. Gesi ikipungua na hakuna tundu, uliza tumbo limelishwa nini. Kinyesi cha ng'ombe aliyechomwa antibiotiki hakitiwi, wala maji ya sabuni au dawa ya kusafishia zizi, kwa sababu huwaua wale vijidudu. Na Juni na Julai, baridi ya Meru inapokaza, nao hufanya kazi polepole.

"Na maharage je, fundi?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote.

Nilidhani atamwahidi makubwa. "Loweka usiku kucha, mama, yaive upesi. Lakini siku ya wageni gesi itakuishia sufuria ikiwa bado inatokota. Mafiga yako usiyatupe."

Yule mama akatikisa kichwa kukubali, akainama kulibonyeza puto.