Nyota na namba katika hotuba ya harusi

Hotuba fupi ya harusi inayocheza na nyota na namba za maharusi huanza na tarehe zao za kuzaliwa. Bibi harusi aliyezaliwa 14 Agosti 1995 ni Simba. Namba yake ya njia ya maisha hupatikana kwa kujumlisha tarakimu zote: 1+4+8+1+9+9+5 ni 37, 3+7 ni 10, hatimaye 1, namba ya uongozi. Bwana harusi wa 6 Machi 1992 ni Samaki, na jumla yake, 30, inaishia 3, namba ya wacheshi. Jumla ikitua 11 au 22, kwa desturi haipunguzwi tena.

Msemaji huunganisha hayo na tabia ambayo ukumbi unaijua:

“Simba namba moja ameshapanga safari, bajeti na saa ya kuondoka. Samaki namba tatu bado anaaga watu mlangoni. Tuwanyanyulie glasi!”

Wanaojua tabia hizo hucheka papo hapo. Utani wa kwamba nyota hazipatani uachwe kabisa, kwani wapo wazee wanaopigiwa nyota kwa dhati kabla ya posa, na kwao huo ni mkosi.