Mpishano Uliofichika: Pale RSI Inaposhuka Kuliko Bei

Watu wengi wanaofuata chati za fedha za kigeni hufundishwa mapema kwamba bei ikipishana na kipimo cha RSI, soko linakaribia kugeuka. Mafunzo hayo yana ukweli nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu. Upo mpishano wa aina nyingine usioashiria mgeuko. Huo huashiria kwamba mwenendo uliopo bado una nguvu ya kuendelea.

RSI ni oskileta iliyobuniwa na Mmarekani J. Welles Wilder, akaichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1978. Huchukua mishumaa iliyopita, kwa kawaida 14, ikalinganisha wastani wa mapando na wastani wa mashuko, kisha ikatoa namba kati ya 0 na 100. Kiwango cha bei yenyewe haikijui. Inachopima ni kasi tu, na humo ndimo mipishano yote inamozaliwa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa euro dhidi ya dola, katika chati ya saa 4. Bei imekuwa ikipanda na sasa inafika kilele cha 1.0920, RSI ikiwa 74. Inarudi chini hadi 1.0800, RSI 48. Kisha inapanda tena, inavuka kilele cha kwanza na kufika 1.0950, lakini safari hii RSI inaishia 66. Bei imeweka kilele cha juu zaidi, kipimo kimeweka kilele cha chini zaidi. Huu ndio mpishano wa kawaida. Maana yake ni kwamba wanunuzi wamesonga mbele kwa kasi ndogo kuliko mwanzo. Kupungua kwa kasi si kuishiwa nguvu, ila wengi hapo hapo huuza na kukaa wakisubiri soko liporomoke.

Bei inashuka kweli, tena kwa mishumaa mirefu mfululizo, mpaka 1.0840. Aliyeuza anaona faida na kuamini mgeuko umeanza. Sasa tazama RSI: imefika 41, chini ya ile 48 ya bonde lililopita. Bei nayo imesimama pipsi 40 juu ya bonde hilo. Bonde la bei limepanda, bonde la kipimo limeshuka. Huu ndio mpishano uliofichika.

Wauzaji wamekuja kwa kasi kubwa kuliko mara ya kwanza, kiasi cha kukishusha kipimo zaidi, lakini wameshindwa kuifikisha bei pale ilipokuwa. Juhudi imeongezeka, matokeo yamepungua. Andrew Cardwell, mwalimu wa RSI aliyeshughulikia sana jambo hili, aliuhesabu mpangilio wa namna hii kuwa dalili ya soko linalopanda, na mimi nakubaliana naye: katika mwenendo ulio wazi, dalili hii inastahili uzito kuliko mpishano wa kawaida, kwa sababu haikutaki upigane na soko. Soko linaposhuka mambo hugeuka: bei huweka kilele cha chini zaidi huku RSI ikiweka kilele cha juu zaidi, na wauzaji ndio wanaoendelea kutawala.

Tatizo ni kwamba hakuna ajuaye kuwa 1.0840 ni bonde mpaka mishumaa inayofuata ifunge juu yake. RSI ikiwa 41 inaweza kuwa 33 baada ya saa 4. Kwa hiyo tunangoja. Mshumaa mmoja ukifunga kwa 1.0865, juu ya kilele cha mshumaa uliotangulia, na RSI ikianza kupanda, hapo pana sababu ya kununua. Amri ya kukata hasara inakaa 1.0825, yaani pipsi 40 chini, na lengo la kwanza ni kile kilele cha 1.0950, pipsi 85 juu. Bei ikirudi chini ya 1.0840, dalili imeanza kufa. Ikivunja 1.0800, mwenendo wenyewe umevunjika na hakuna tena cha kuendelea.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuunganisha bonde la bei na bonde la RSI la wakati mwingine. Namba zote mbili lazima zisomwe eneo lile lile la mishumaa. La pili ni kubaya zaidi: kuutafuta mpishano huu katika soko linalokwenda upande, lisilo na mwenendo. Humo mistari ya namna hii hujichora kila siku na haimaanishi lolote.

Kabla ya kuifungua RSI, basi, angalia bei peke yake. Kama huoni mabonde na vilele vikipanda au vikishuka kwa mpangilio, iache chati hiyo.