Mguu Usiouma: Kupima Ganzi na Mzunguko wa Damu kwa Wagonjwa wa Sukari Mitaani Bukavu

Ugonjwa wa sukari huharibu miguu kwa njia mbili ambazo muuguzi wa jamii hulazimika kuzichunguza pamoja. Ya kwanza ni kuharibika kwa mishipa ya fahamu, hali ambayo wataalamu huiita nyuropathia, nayo huanzia vidoleni na kupanda polepole, kwa kuwa mishipa inayofika huko ndiyo mirefu kuliko yote mwilini. Ya pili ni kusinyaa na kuziba kwa ateri, yaani mishipa inayopeleka damu miguuni, hata nyama na ngozi zikakosa lishe na hewa safi. Hatari kubwa ni pale hali hizo mbili zinapokutana katika mguu mmoja, kwa sababu ya kwanza huificha ya pili. Dalili inayojulikana ya upungufu wa damu ni maumivu ya shavu la mguu wakati wa kupanda mlima, yanayotulia mtu akipumzika, na katika mji wa miinuko kama Bukavu ingetarajiwa kwamba mgonjwa wa namna hiyo angeyasikia kila apandapo kutoka ufukoni mwa Ziwa Kivu kwenda Kadutu. Lakini aliyeingiwa na ganzi anaweza kupanda mteremko huo bila kulalamika, huku mguu wake ukizidi kukosa damu. Kwa hiyo muuguzi anayepita nyumba kwa nyumba hasubiri malalamiko, bali huomba viatu na soksi vivuliwe, hata kama mgonjwa amesema kwamba hana shida yoyote.

Kifaa kinachotumika sana kupima ganzi ni monofilamenti, uzi wa nailoni uliotengenezwa upinde unapokandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Pale ambapo uzi huo haupatikani, kipo kipimo kisichohitaji chochote ila kidole cha muuguzi, kilichobuniwa katika mji wa Ipswich, Uingereza, na kutangazwa mwaka 2011. Mgonjwa hulala au huketi miguu ikiwa imenyooshwa, hufumba macho, na huelezwa kwamba kila anapoguswa ataje ni mguu wa kulia au wa kushoto. Kisha muuguzi huweka ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi na kwa sekunde moja au mbili tu, juu ya ncha ya kidole gumba, ya kidole cha kati na ya kidole cha mwisho cha kila mguu, akipata sehemu sita kwa jumla. Asipohisi mgonjwa sehemu mbili au zaidi, mguu huhesabiwa kuwa umepoteza hisia ya kujilinda, yaani ile hisia inayomfanya mtu auondoe mguu wake juu ya msumari kabla haujazama.

Wepesi wa kipimo hiki ndio unaowaponza wanaojifunza. Mwanafunzi wa uuguzi akiona mgonjwa hajibu, huvutwa na huruma, akabonyeza kwa nguvu au akagusa tena, naye mgonjwa akajibu kwa sababu amehisi msukumo wa ndani wala si mguso wa ngozi, na ganzi ikaandikwa kuwa haipo. Kanuni ni kugusa mara moja tu kila sehemu, bila kubonyeza, bila kupapasa na bila kuuliza "unahisi?", maana swali lenyewe humfunulia mgonjwa kwamba ameguswa.

Mzunguko wa damu hupimwa kwa kutafuta mapigo mawili. Moja liko juu ya mguu, kando ya kano inayojitokeza mgonjwa anapoinua kidole gumba, upande unaoelekea kidole cha pili. La pili liko nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Yote mawili hutafutwa katika kila mguu, kwa kuwa wapo watu wachache wenye afya njema ambao pigo la juu ya mguu halipatikani kamwe kwao. Bukavu, iliyo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake zina baridi, na baridi huibana mishipa midogo, basi miguu iliyotoka kukanyaga sakafu ya saruji hufunikwa kwanza kwa kitenge au blanketi ipate joto, ndipo vidole vya muuguzi viwekwe, navyo viwekwe kwa wepesi, kwa kuwa anayebana sana huliziba pigo analolitafuta au akayahesabu mapigo ya vidole vyake mwenyewe.

Ichukuliwe kwa mfano mama wa miaka 57, muuza sambaza sokoni, aliyeishi na sukari kwa miaka tisa na asiye na lalamiko lolote la miguu. Katika kipimo cha mguso hahisi kidole gumba wala kidole cha mwisho cha mguu wa kulia, wala kidole cha kati cha kushoto: sehemu tatu kati ya sita, hivyo ganzi ipo. Mapigo ya mguu wa kushoto yanapatikana, lakini ya kulia hayapatikani yote mawili. Chini ya kidole gumba cha kulia kuna sugu, na ndani ya sugu hiyo doa jekundu lililokolea, ambalo ni damu iliyovuja chini ya ngozi ngumu kwa kukandamizwa, na ndilo kidonda kabla hakijafunuka. Hospitalini, kwa kutumia presha na dopla, kifaa kinachosikiza mwendo wa damu, shinikizo la kifundo cha kulia linakuwa 98 na la mkono 140. 98 ikigawanywa kwa 140 hupatikana 0.70, na chochote kilicho chini ya 0.90 huonyesha kwamba ateri zimeziba kwa kiasi. Ikumbukwe hapa kwamba kwa wagonjwa wa sukari ateri huweza kukakamaa kwa chokaa, zikakataa kubanwa na presha, na hesabu ikatoka nzuri kwa uongo. Hivyo mguu usio na pigo hautangazwi kuwa mzima kwa sababu ya namba peke yake.

Kwa mgawanyo wa kimataifa wa hatari, mama huyu mwenye ganzi na upungufu wa damu pamoja yuko daraja la pili, ambalo huchunguzwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, wakati asiye na moja wala lingine hutosheka na mara moja kwa mwaka. Doa lile, hata hivyo, halingoji miezi mitatu: sugu hupunguzwa na mhudumu aliyefunzwa, kwa uangalifu zaidi kwa sababu damu ni haba, na mgonjwa hukatazwa kabisa kuikwangua mwenyewe kwa wembe.

Mafundisho anayopewa hutokana na yaliyoonekana mguuni mwake, si orodha ya jumla. Miguu yake hushinda katika maji ya samaki, hivyo anaonyeshwa namna ya kukausha katikati ya vidole, na mafuta ya kupaka yasiingie hapo. Kambambili, ambazo haziukingi mguu na humlazimu kubana vidole anapopanda, zinabadilishwa kwa viatu vilivyofungwa na vyenye nafasi, na kabla ya kuvivaa anapitisha mkono ndani kutafuta kokoto. Maji ya kuoga anayajaribu mtu mwingine wa nyumbani, kwa sababu ganzi hufika hata mikononi, na miguu haiotwi moto kwenye makaa, hata usiku wa baridi. Katika kliniki za Dar es Salaam, daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika juu ya wagonjwa wa sukari walioumwa na panya miguuni usiku bila kuamka. Kwa hiyo nyumba zenye panya, na ziko nyingi katika vitongoji vilivyosongamana, huhitaji miguu ifunikwe vizuri wakati wa kulala na nyayo zikaguliwe kila asubuhi. Ukaguzi huo hufanywa na binti au mjukuu mwenye macho mazuri, naye hufundishwa mbele ya muuguzi kwa kuukagua mguu huo mwenyewe na kutaja anachokiona, kwa kuwa kuitikia "ndiyo, mama muuguzi" hakuthibitishi kwamba ameelewa.

Jambo ambalo binti huyo hulikariri kwa sauti kabla muuguzi hajaondoka ni lini mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku ileile: pakionekana kidonda chochote hata kisichouma, kidole kilichogeuka rangi kuwa cheusi au cha samawati, usaha au harufu, au mguu mmoja uliovimba na kuwa wa moto kuliko mwingine. Hali hii ya mwisho ndiyo inayopuuzwa mara nyingi zaidi, kwa sababu mgonjwa huendelea kuutembelea mguu huo bila maumivu, ilhali mifupa ndani yake huenda tayari inavunjika, nao hautakiwi kukanyaga chini hata hatua moja mpaka uonwe na daktari.