Kitufe kimoja, majedwali matatu

Duka lina PivotTable tatu za mauzo ndani ya Excel. Ukibofya “Mwanza” kwenye Slicer, mbili zinabadilika. Ya tatu inabaki na jumla ya nchi nzima, na mtu anaweza kuipeleka kwa bosi bila kujua.

Excel hunakili data kwenye ghala lililofichika, na Slicer hutawala majedwali ya ghala moja tu. Hili la tatu lilitengenezwa kwa `A1:F500`. Mengine kwa `A1:F620`. Hayo ni maghala mawili. Bofya Slicer kitufe cha kulia, fungua Report Connections: la tatu halimo kabisa kwenye orodha.

Lifute. Nakili mojawapo ya yale mawili, libandike, kisha panga safu upya. Nakala hutumia ghala lilelile.