Seti ya bustani inayong'aa jioni: Igeuze chini juu kabla ya kulipa

Arusha jua huzama karibu na saa 12 na nusu jioni, na giza huingia haraka. Wauzaji wa samani za bustani wanaijua saa hiyo vizuri. Meza na viti vinapangwa kwenye nyasi, taa ndogo zinaning'inizwa kwenye waya juu yake, mito inapigwa vumbi, na kibao cha punguzo la msimu kinawekwa mbele. Kwa mzazi wa Njiro anayetarajia ndugu kutoka Dar es Salaam na Moshi wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka, ni vigumu kupita bila kusimama.

Hakuna ubaya wa kusimama. Shida ni kwamba mwanga huo wa njano unauza kile ambacho mchana usingeweza kukiuza. Mbao nyeupe huonekana kahawia chini yake, mikwaruzo hupotea, na kutu iliyopakwa rangi haionekani kabisa. Kanuni ya kwanza basi ni rahisi: pendezwa jioni, lakini rudi kununua asubuhi. Kama ofa inaisha usiku huo, washa tochi ya simu na ugeuze kiti chini juu.

Mbao gani, na zimekauka?

Upande wa chini wa kiti ndio unaosema ukweli, kwa sababu fundi mara nyingi hupaka rangi na vanishi sehemu zinazoonekana tu. Hapo ndipo utakapoona mbao yenyewe.

Mbao nyingi za bei nafuu Arusha ni za paini, sipresi na grevilea. Hii ni miti ya kupandwa, na baadhi yake hutoka kwenye mashamba ya miti kwenye miteremko ya Mlima Meru. Ni mbao nzuri kwa kazi nyingi, lakini paini isiyotiwa dawa, ikisimama kwenye nyasi zenye unyevu, huanza kuoza kwenye miguu. Mbao zinazostahimili nje vizuri zaidi ni mninga na mtiki. Mtiki wa Tanzania hupandwa sehemu za joto, kama Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro.

Hata hivyo, neno "mtiki" peke yake halitoshi. Kinachostahimili mvua ni moyo wa mti, ile sehemu ya ndani yenye rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia. Mbao nyeupe ya pembeni huliwa na wadudu na huoza kama mbao nyingine yoyote laini. Mti uliovunwa ukiwa mchanga huwa na nyeupe nyingi, na ndiyo maana wengine huipaka rangi ya kahawia ili seti yote ifanane. Ukiona chini ya kiti pana mistari myeupe huku juu pote ni kahawia, hiyo ni seti ya kupakwa rangi. Inaweza kununuliwa, ila si kwa bei ya mtiki.

Jambo la pili ni ukavu. Mbao iliyopasuliwa juzi ni nzito kuliko inavyoonekana, na ukiishika kwa kiganja huhisi ubaridi. Ikishaanza kukauka hujikunja na kusinyaa. Seti iliyounganishwa ikiwa mbichi mwezi Novemba, wakati wa mvua za vuli, itafunguka viungo Januari na Februari jua likiwa kali. Dalili zake ni nyufa ndogo kwenye ncha za mbao, na mwanya unaoanza kuonekana pale mguu unapokutana na fremu.

Ukiwa chini ya kiti, tazama pia jinsi kilivyounganishwa. Misumari mitupu hulegea watoto wakikalia kiti huku wakikiegemeza nyuma. Ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu na kutiwa gundi, au boliti yenye nati, hudumu zaidi. Skrubu nyeusi za kawaida, zile za kazi za ndani, hushika kutu na kuacha madoa meusi kwenye mbao baada ya masika moja.

Kama ni chuma

Seti nyingi zinazoonekana kama zimesukwa kwa ukindu ni plastiki iliyofumwa juu ya fremu ya bomba la chuma. Plastiki ndiyo unayoiona, lakini fremu ndiyo unayoinunua. Chukua sumaku ndogo ya friji. Ikinata, fremu ni ya chuma na itategemea rangi yake kuzuia kutu. Isiponata, huenda ni alumini, ambayo haishiki kutu na ni nyepesi kuhamisha mvua inapoanza.

Fremu ya chuma huanza kuharibika ndani, chini kabisa. Maji huingia kwenye bomba kupitia tundu la skrubu, yanashuka hadi mguuni na kukaa pale. Ndiyo maana kiti hukatika mguu ghafla huku rangi ya nje bado inang'aa. Tazama kama kila mguu una kizibo cha mpira kisichopasuka, na kama sehemu zilizochomelewa zimesagwa na kupakwa rangi, au zimeachwa na vipele na vumbi jeusi. Plastiki yenyewe ikunje kidogo kwa kidole. Iliyoanza kuungua na jua hutoa vumbi jeupe au hupasuka.

Kwa wenye watoto wadogo kuna majaribio mawili zaidi. Kaa kwenye ncha ya benchi peke yako. Likiinuka upande wa pili, litamwangusha mtoto. Kisha fungua na kufunga kiti cha kukunja polepole, ukiangalia mahali ambapo kidole kidogo kinaweza kubanwa.

Mito inanyonya kuliko unavyodhani

Mito ndiyo huharibika mapema zaidi, na ndiyo inayopendezesha seti wakati wa kuuza. Fungua zipu uone ndani. Sponji ya kawaida ya makochi hunyonya maji kama taulo, na kwenye miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, wakati Arusha ina mawingu na umande, inaweza kukaa siku kadhaa bila kukauka. Harufu ya ukungu huanzia hapo, na mtoto mwenye pumu huwa wa kwanza kuisikia.

Kitambaa cha pamba ni laini, lakini hushika ukungu na kupauka haraka juani. Cha poliesta hustahimili zaidi. Muombe muuzaji udondoshe tone la maji. Likikaa juu kama shanga, kitambaa kina kinga. Likizama papo hapo, mito hiyo ni ya kuingizwa ndani kila jioni. Kabla ya kununua, jiulize itawekwa wapi.

Zile taa juu ya meza

Mara nyingi taa huuzwa pamoja na seti, au familia huzitafuta baadaye ili kupata mandhari ileile. Kwenye kifungashio au kwenye transfoma yake tafuta herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza inaeleza kinga dhidi ya vumbi na vitu vigumu, ya pili kinga dhidi ya maji. IP20 haina kinga ya maji, ni ya ndani tu. IP44 hustahimili maji yanayorushwa kutoka upande wowote, na inatosha chini ya paa la baraza. Kwa taa zitakazokaa mvuani masika yote, IP65 ni salama zaidi. Kama hakuna maandishi yoyote, zichukulie kuwa za ndani.

Hatari kubwa mara nyingi haiko kwenye taa bali kwenye ekstensheni. Waya hupitishwa dirishani kutoka sebuleni, halafu kichwa cha ekstensheni kinalala kwenye nyasi ambazo watoto wanazikimbilia pekupeku. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na nyasi zenye umande ni njia nzuri ya umeme kwenda ardhini. Zilizo salama zaidi ni taa za volti ndogo, kwa mfano 12 au 24, ambazo transfoma yake hubaki ndani ya nyumba. Kama lazima utumie umeme wa ukutani, fundi umeme afunge soketi ya nje yenye kifuniko, na kwenye saketi hiyo aweke kifaa kinachokata umeme ukivuja, kilichoandikwa 30 mA. Kifaa hicho kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mara kwa mara. Umeme ukikatika, kinafanya kazi.

Taa zisining'inie kwa waya wake wa umeme. Fungeni waya mwembamba wa chuma kutoka nguzo hadi nguzo, kisha taa zishikwe juu yake kwa vibanio, juu kuliko mkono wa mtu mzima aliyesimama unavyoweza kufika.

Gharama ya umeme hutegemea balbu. Balbu 20 za LED za wati 1 kila moja, zikiwaka saa 5 kila usiku, hutumia uniti 3 kwa mwezi. Balbu 20 za zamani za wati 25 kwa muda huohuo hutumia uniti 75. Za sola hazina gharama hiyo, lakini siku za mawingu huzimika mapema.

Hesabu ya punguzo

Tuchukue mfano wa familia ya watu sita yenye eneo la mita 3 kwa 4 nyuma ya nyumba. Wanaona meza ya mita 1.5 kwa 0.9 na viti sita. Kila upande unahitaji takriban sentimita 90 ili mtu avute kiti na kupita. Hivyo seti inahitaji mita 3.3 kwa 2.7, na inaenea. Meza ya mita 2 ingehitaji urefu wa mita 3.8, na pangebaki upenyo wa sentimita 20 tu kwa ajili ya chungu cha maua, jiko la mkaa na watoto.

Bei ni Sh1.2 milioni badala ya Sh1.5 milioni, punguzo la Sh300,000. Asubuhi wanarudi na kugeuza viti. Mbao ni imara, lakini skrubu ni za ndani, chini hakuna vanishi, na mito ni ya sponji ya kawaida. Tuseme mito sita mipya itagharimu Sh35,000 kila mmoja, yaani Sh210,000. Skrubu, vanishi na fundi Sh60,000. Gari la kubebea Sh40,000. Jumla ni Sh310,000. Punguzo limeisha, na zaidi ya hapo wameongeza Sh10,000.

Hiyo si sababu ya kuondoka, ni sababu ya kuzungumza. Waombe wauziwe seti bila mito, au muuzaji abadilishe skrubu na apake vanishi chini kabla ya kupakia kwenye gari. Muuzaji anayejua mbao zake atakubali mengi ya hayo. Na akishakubali, yaandikwe kwenye risiti pamoja na aina ya mbao, kwa sababu nyufa za Februari hujitokeza wakati kibao cha punguzo kimeshaondolewa.