Hesabu Inayojikagua: Siri ya Madaftari ya Wafanyabiashara wa Italia

Mwaka 1299, katika mji wa Salon huko Provence, kusini mwa Ufaransa ya leo, Amatino Manucci alikuwa akitunza hesabu za tawi la kampuni ya Giovanni Farolfi. Wenye kampuni walitoka Firenze, Italia. Pale Salon waliuza nafaka, mvinyo, mafuta na vitambaa, na pia walikopesha fedha. Mteja wao mkubwa alikuwa Askofu Mkuu wa Arles. Sehemu ya leja ya Manucci ipo hadi leo, na wanahistoria wanaihesabu miongoni mwa mifano ya kale zaidi ya uwekaji hesabu wa maingizo mawili.

Kabla ya hapo mfanyabiashara wa Ulaya aliweza kusafiri na bidhaa zake mwenyewe, akauza, akarudi na kuhesabu kilichomo mkobani. Kufikia karne ya 13 mambo yalikuwa yamebadilika. Tajiri alibaki Firenze, mawakala wake wakafanya kazi miji ya mbali. Mtaji ulichangwa na washirika kadhaa, na kila mmoja alitaka kujua fungu lake la faida. Bidhaa nyingi zilitoka kwa mali kauli, malipo yakaja miezi baadaye.

Kwa biashara ya namna hiyo, daftari la madeni halikutosha. Lilifanana na lile la muuza duka wa mtaani: jina la mteja, kiasi anachodaiwa, na mstari wa kulifuta deni likishalipwa. Daftari hilo linamtaja mdaiwa, lakini halisemi kama biashara imepata faida au imekula mtaji. Tena karani akisahau kuandika deni moja, hakuna kitu humo ndani kitakachomshtua.

Mafundi wa Italia walichofanya ni kuzipa akaunti hata zile bidhaa na gharama, kana kwamba nazo ni watu wanaoweza kudai na kudaiwa. Ngano ikapata ukurasa wake, sanduku la fedha likapata wake, vivyo hivyo pango la nyumba, mtaji na faida. Kila tendo la biashara likaandikwa mara mbili: kwenye akaunti iliyopokea, yaani debiti, na kwenye akaunti iliyotoa, yaani krediti. Baadaye Wavenezia walizoea kuweka debiti kushoto na krediti kulia, na mpangilio huo ndio ulioenea.

Tufuate mfano mmoja mdogo. Tuseme tawi linaanza na lira 100 taslimu kutoka kwa washirika. Akaunti ya fedha inaandikwa 100 kushoto, na akaunti ya mtaji 100 kulia, kwa sababu tawi linawiwa na washirika kiasi hicho. Karani ananunua ngano ya lira 30: ngano inaandikwa 30 kushoto, fedha 30 kulia. Kisha ngano yote anauziwa mwokaji kwa mali kauli, kwa lira 40: mwokaji anaandikwa 40 kushoto, ngano 40 kulia.

Sasa utazame ukurasa wa ngano. Kushoto kuna 30 na kulia kuna 40, wakati ghalani hakuna hata punje. Ile tofauti ya 10 ni faida, na karani anaihamishia kwenye akaunti ya faida. Hakulazimika kusubiri mwokaji alipe ndipo ajue kwamba biashara ile ilikuwa nzuri. Hasara nayo hujulikana kwa njia hiyohiyo. Katika vitabu vya watunza hazina wa mji wa Genova vya mwaka 1340 kuna akaunti ya pilipili manga iliyouzwa chini ya bei iliyonunuliwa, na pengo lake likahamishiwa kwenye akaunti ya hasara.

Tuongeze tendo la nne, ambalo halikutungwa kwa ajili ya mfano huu. Kampuni ya Farolfi ililipa pango la miaka 4 kwa mkupuo, jumla lira 16. Manucci hakuzihesabu zote kuwa gharama ya mwaka ule. Mwisho wa mwaka wa kwanza alipeleka lira 4 kwenye gharama, na zile 12 akaziacha kama kitu ambacho kampuni bado inacho, maana miaka 3 ya kukaa ilikuwa imeshalipiwa. Wahasibu wa leo wanafanya vivyo hivyo.

Tukiingiza pango hilo katika mfano wetu, fedha taslimu zinabaki 54, mwokaji anadaiwa 40, na pango lililolipiwa mapema ni 12. Jumla ni 106. Upande wa pili, mtaji ni 100, na faida ya 10 ikitolewa gharama ya 4 inabaki 6. Nayo ni 106. Pande zote mbili zimekutana, kila moja kwa njia yake: ya kwanza imehesabu vitu vilivyopo, ya pili imehesabu vilikotoka.

Kulingana huko kwa pande mbili huitwa urari, na urari usipokubali, makosa yenyewe huacha dalili. Karani akiandika 45 badala ya 54, pengo linakuwa 9. Kupindua tarakimu mbili zinazofuatana huleta daima pengo linalogawanyika kwa 9. Akiweka lira 40 upande usio wake, pengo linakuwa 80, kwa hiyo anaanza kwa kutafuta ingizo lenye thamani ya nusu ya pengo.

Maarifa haya yalirithishwa kazini kwa muda mrefu kabla ya kuingia kitabuni. Mwaka 1494 mtawa na mwanahisabati Luca Pacioli alichapisha Venezia kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake akaeleza utaratibu wa wafanyabiashara wa mji huo. Kwanza orodhesha mali na madeni yako yote. Kisha uwe na madaftari matatu: la kumbukumbu, ambamo kila aliyepo dukani huandika jambo linapotokea, la kila siku, ambamo tendo hupangwa kwa debiti na krediti, na leja, ambamo kila akaunti ina mahali pake. Pacioli hakudai kuwa ndiye mbunifu. Aliandika kwa Kiitaliano, na kufikia 1543 mafundisho yake yalikuwa yamepata kitabu cha Kiholanzi kilichochapwa Antwerp.

Mwaka huohuo wa 1494, benki ya ukoo wa Medici wa Firenze ilianguka. Watu wake waliyajua maingizo mawili vizuri. Lakini msimamizi wa tawi la Bruges, Tommaso Portinari, alikuwa amemkopesha mno Charles, Mtawala wa Burgundy, ambaye aliuawa vitani mwaka 1477, na hasara za tawi hilo zilisaidia kuidhoofisha benki nzima. Deni lisilolipika huweza kukaa leja kama mali, na urari ukakubali. Vilevile urari haushtuki tendo lisipoandikwa kabisa, likiwekwa katika akaunti isiyohusika, au pande zote mbili zikiandikwa uongo uleule.

Mbinu hii imedumu kwa sababu haijali unauza nini wala unaandikia nini. Taarifa ya benki huonyesha amana yako kama krediti kwa sababu ileile iliyoweka mtaji wa washirika upande wa kulia: benki inawiwa nawe. Kompyuta imeondoa kazi ya kujumlisha na kunakili, ila kila muamala bado unagusa akaunti mbili au zaidi. Kilichobaki mikononi mwa binadamu ni swali ambalo vitabu vya Bruges havikuweza kulijibu: je, huyu mdaiwa atalipa? Ndiyo maana mkaguzi hatosheki na urari. Huwaandikia wadaiwa kuthibitisha madeni, na huenda ghalani kuhesabu magunia.